Tangazo la Surua Alilolipindua Hajara

Katika mji wa Arua, mwaka wa sabini na tano, hakukuwa na mpiga chapa aliyekuwa na vidole vyepesi kama Hajara Rajab, na hakukuwa na mpiga chapa aliyekuwa na mdomo mzito kama wake akiwa ofisini. Kazi yake ilikuwa kunakili. Analetewa karatasi, anaipiga chapa, anaitoa, anaiweka kwenye trei ya Bwana Asiku. Kama karatasi ina upumbavu, anaupiga chapa upumbavu huo bila kukosea hata nukta. Hakuajiriwa kufikiri, na kwa miaka sita hakuna aliyemwomba afanye hivyo.

Lakini akitoka ofisini saa kumi, Hajara alikuwa mtu mwingine. Barazani kwake, katika mtaa wa Wanubi, wake za askari walimngoja kwenye mkeka. Waume zao walikuwa Jinja, Mbarara, Moroto, na wake hao walitaka kupeleka habari. Hajara alikuwa amezaliwa Kibera, baba yake akiwa askari wa Keya, jeshi la Waingereza, akasoma huko mpaka darasa la saba. Kinubi alikinyonya, Kiswahili alikicheza uwanjani, Kiingereza alichapiwa viboko mpaka kikaingia. Aliletwa Arua kuolewa akiwa na miaka kumi na saba. Mume alikufa mapema, akabaki na mtoto, Umaru, na elimu yake.

Alikuwa na namna yake ya kuandika barua. Mtu akija, Hajara hakushika kalamu. Aliuliza kwanza: "Unamwandikia nani? Saa hizi ameketi wapi? Barua atajisomea, au atasomewa na mwenzake bwenini?" Kwa sababu mambo unayomwambia mumeo peke yake si yale yanayopita mdomoni mwa koplo. Akishajibiwa, alimwacha mwenye barua aseme yote, hata mara mbili, yeye akiwa ametulia tuli. Ndipo aliandika. Wake wale walisema barua za Hajara zinarudisha waume. Mengine ni ya kutiwa chumvi, lakini watatu walirudi kweli, nami sitabishana na watatu.

Sasa basi. Tangu mwaka juzi, redio ilipotangaza kwamba Kiswahili ndiyo lugha ya taifa, kila tangazo la serikali lilitakiwa litoke kwa lugha mbili. Kiingereza kilikuja kutoka juu kikiwa tayari kimepigwa pasi. Kiswahili ilibidi kitafutwe papo hapo, na katika ofisi ile ya afya kazi hiyo aliishika Bwana Asiku, karani mkuu, mtu mwenye kamusi moja, rula moja na heshima nyingi. Aliweka rula chini ya mstari wa kwanza wa Kiingereza, akatafuta neno la kwanza, akaliandika. Akatafuta la pili. Mstari ukiisha, rula ilishuka. Mistari ya Kiswahili ilikuwa lazima ilingane idadi na ya Kiingereza, la sivyo, kwa hesabu yake, kuna kitu kimeibwa.

Mwezi wa pili likaja tangazo la chanjo ya surua kwa gombolola, yaani tarafa, ya Lurujo, kule Koboko. Bwana Asiku aliteremsha rula yake kwa siku mbili. Hajara alipopewa kupiga chapa alisoma hivi:

"TANGAZO KWA UMMA. Kwa hili inajulishwa kwamba watu wote wenye watoto chini ya umri wa miaka mitano wanatakiwa bila kukosa kujiwasilisha wenyewe pamoja na watoto waliosemwa katika makao makuu ya gombolola tarehe 12, saa 8.30 kabla ya mchana, kwa kusudi la kuchanjwa dhidi ya ugonjwa wa surua. Kushindwa kutii kutaongoza kwenye kuchukuliwa kwa hatua kali."

Hajara alilipiga chapa. Palipoandikwa saa nane na nusu, vidole vyake vilisita, maana mtu wa Kiswahili akiambiwa saa nane anajua jua limeshavuka utosi. Akainua kichwa. "Bwana Asiku, hapa kwenye saa."

"Imeandikwa nane kule, nimeandika nane huku," Bwana Asiku alisema. "Wewe piga, mama Umaru."

Akapiga.

Tarehe kumi na mbili gari la afya lilifika Lurujo asubuhi na sanduku la barafu. Uwanja wa gombolola ulikuwa mtupu. Saa nne, wakaja wazee wawili wenye fimbo, wakaketi mbali. Nesi Monique, mama wa Kikongo aliyezalisha nusu ya Koboko, aliwafuata akawauliza wake zenu wako wapi. Wazee wakasema wametumwa kuja kusikiliza kesi. Kesi gani? Hiyo ya watoto. Karatasi ilisomwa sokoni kwamba serikali inataka watu wote wajipeleke pamoja na watoto bila kukosa, na kuna hatua kali. Wake walikuwa wameshabeba vyungu na kuvuka mpaka kwa ndugu zao upande wa Kongo. Miaka ile, mtu wa kule alikuwa na akili yake: karatasi ya serikali ikimwita kwa jina la "wote," hakungoja kujua mwisho wake.

Barafu iliyeyuka. Dawa ya surua ikishachanganywa na maji yake haina subira, na hata ile isiyochanganywa hufa ikikaa kwenye joto. Monique alirudi Arua na sanduku la chupa za kumwaga, akaenda moja kwa moja kwa Daktari Adrabo. Sauti yake ilipita mlango uliofungwa, ikamfikia Hajara kwenye taipureta.

"Daktari, mimi nimetoka Oraba juzi, jirani na Lurujo. Watoto watatu, macho mekundu, vipele mwili mzima. Surua iko njiani. Ile karatasi imekimbiza watu kuliko ugonjwa."

Daktari Adrabo alikuwa kijana wa Vurra, mwembamba, mwenye usingizi wa kudumu machoni. Alisema dawa nyingine itatoka Kampala baada ya wiki tatu, sanduku moja tu. Lurujo wakikosa kuja mara ya pili, ameamriwa alipeleke mji wa Moyo. Kisha akatoka nje, akasimama katikati ya chumba cha makarani na karatasi mbili mkononi, akauliza: "Ni nani hapa anaweza kuwaambia wale akina mama jambo hili wakaelewa?"

Bwana Asiku alisafisha koo. Hajara, ambaye kwa miaka sita hakuwa amesema ofisini mengi zaidi ya ndiyo na tayari, alijisikia akisema: "Mimi, Daktari." Neno likishatoka halirudi kinywani, na hakutaka lirudi.

"Kwa siku ngapi?" Daktari aliuliza.

"Kwanza nina maswali."

Bwana Asiku alicheka kwa pua. Mfasiri mwenye maswali! Yeye katika maisha yake yote hakuwahi kuiuliza kamusi swali ikamjibu.

Hajara aliisoma karatasi ya Kiingereza mara tatu, polepole, mpaka akajua kila inachotaka. Kisha akaipindua kifudifudi juu ya meza. Hiyo ndiyo iliyomkera Bwana Asiku kuliko yote. "Utatafsirije kitu usichokiona?" aliuliza. Hajara akamwambia kwamba akikiona ataandika maneno yake, na maneno yale yana wenyewe, Waingereza. Yeye ametumwa habari, hakutumwa maneno.

Maswali aliyokwenda nayo kwa Daktari yalikuwa manne. Kwanza: umri. Mama wa Lurujo hakuandika siku aliyojifungua. Anajua tu ilikuwa mwaka wa njaa au mwaka daraja lilipoanguka. Ukimwambia miaka mitano, atabahatisha. Hajara akapitisha mkono wake wa kulia juu ya kichwa, akashika sikio la kushoto. "Shuleni walitupima hivi. Mkono usipofika, unarudishwa nyumbani. Kila mtu huku anakijua kipimo hiki."

Daktari alijaribu kwa mkono wake mwenyewe, akafikiri. "Hicho kinafika miaka sita, hata saba."

"Akija wa miaka sita dawa itamdhuru?"

"Haitamdhuru. Itaongezeka idadi tu. Dawa iko ya watoto mia tatu." Akapiga hesabu kwenye kiganja. "Sawa. Na wa chini kabisa ni miezi tisa."

"Aliyeanza kutambaa?"

"Aliyeanza kutambaa. Andika."

La pili lilikuwa saa, nalo lilimalizwa kwa aibu ya Bwana Asiku. La tatu: kwa nini asubuhi? Kiingereza hakikusema kwa nini. Daktari akaeleza habari ya barafu. Hajara akasema basi hiyo iingie, kwa sababu mama aliyeacha shamba asubuhi anastahili sababu, na akipewa sababu atajihimiza mwenyewe.

La nne lilikuwa zito. "Hiyo hatua kali, Daktari. Ni hatua gani?"

Daktari alitazama karatasi kana kwamba anaiona kwa mara ya kwanza. "Hakuna hatua. Ndivyo matangazo yanavyoishia."

"Kwa Kiingereza."

"Kwa Kiingereza, ndiyo. Msomaji wao analiruka."

"Wetu haliruki. Huwa anaruka mpaka wa Kongo," Hajara alisema. "Mimi siwezi kulifuta, si neno langu. Lakini wewe mwenye tangazo ukiniambia halina kitu ndani, sitaliandika."

Bwana Asiku alisimama mlangoni. Aliposikia hayo alisema kwamba neno la serikali halikatwi na mpiga chapa, na siku likiulizwa huko juu, yeye hatakuwemo. Hakuwa anasema uongo, na wote watatu walijua miaka waliyomo: mtu akiitwa kuulizwa huko juu, pengine asirudi. Daktari akachukua kalamu, akapiga mstari juu ya sentensi ile, akatia sahihi yake pembeni. Hajara alimheshimu tangu siku hiyo mpaka leo.

Jaribio la kwanza aliliandika asubuhi moja, na lilimpendeza mno. Lilikuwa Kiswahili cha kujipaka mafuta. "Enyi akina mama wapenzi, Serikali yenu tukufu, kwa huruma yake, imewaandalia kinga..." Bwana Asiku, ambaye alikuwa ameanza kuvutiwa ingawa hangekiri, alipendekeza limalizikie kwa methali, ili liwe la Kiswahili hasa: asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Hajara alicheka mpaka akashika meza. "Bwana Asiku, si tumeitoa hatua kali mlangoni? Wewe unairudisha dirishani imevaa kanga."

Jumamosi alipanda basi kwenda Koboko kwa shangazi yake, na karatasi kifuani. Sokoni alimkuta Sidonie, Mkongo muuza samaki wakavu, na pembeni yake Kiden, Mkakwa wa Lurujo aliyekuja na unga wa muhogo, mtoto mgongoni. Hajara hakusema karatasi imetoka wapi. Aliisoma yote kwa sauti, kisha akamuuliza Kiden swali alilokuwa akiwauliza wake za askari kila mara kabla ya kufunga bahasha: "Sasa niambie wewe. Umesikia nini?"

Kiden alimtazama kwa adabu. "Mimi nasikia serikali nataka watoto."

"Inataka kuwafanya nini?"

"Hiyo mimi hapana jua. Maneno iko mingi. Mimi nasikia serikali, nasikia watoto, basi."

"Na huruma hukuisikia?"

"Huruma ya serikali?" Kiden aliuliza, akasogeza mtoto mgongoni.

Sidonie aliweka samaki chini. "Dada, ule mutu aliandika hii, yeye hana mama? Mama akiita mutoto kula, anaanza na jina ya baba yake na cheo yake? Anasema: chakula iko tayari, kuja."

Hajara alisimama palepale sokoni, jua likimchoma, akaona haya ya kweli. Alikuwa amemcheka Bwana Asiku kwa kufuata Waingereza, naye amefuata mimbari. Vyote viwili vilisimama mahali pa juu vikiongea na watu walio chini. Rula yake ilikuwa ya urembo tu, lakini ilikuwa rula. Na kitu cha pili alikiona: huku Kiswahili kilikuja na bunduki. Watu walikijua kwanza kama lugha ya kuambiwa simama, lete, toka. Tangazo lolote linaloanza na mkubwa wa mtu lingesikika kama buti mlangoni hata likipakwa asali. Ilikuwa lazima lianze na kitu ambacho mama mwenyewe anakijua, kabla ya mtu yeyote kumwamrisha.

Akaketi juu ya gunia la Kiden. "Kiden, surua unaijua?"

Uso wa Kiden ulibadilika. Akasema anaijua. Akaeleza ilivyoingia kwa dada yake, mtoto akikataa mwanga, akikohoa, na vipele vikianzia nyuma ya masikio. Alisema habari hiyo kwa Kiswahili chake cha soko, kimevunjika kila kiungo, na kila mtu aliyekuwa karibu alielewa. Hajara alimsikiliza, kisha akaandika juu ya goti. Akasoma. Akafuta. Akasoma tena. Kila aliposoma alimtaka Kiden au Sidonie arudishe, na kila waliporudisha alitega sikio pale walipokwama na pale walipoongeza neno lao. Palipokwama alifupisha. Neno walilotumia wao likiwa bora kuliko lake, alilichukua bila kuomba radhi.

Hakuandika kama Kiden anavyosema, hata hivyo. Alijua karatasi itasomwa na mwalimu, na mwalimu akikuta "mimi hapana jua" ukutani atacheka, na kicheko kingeharibu jambo. Alitafuta Kiswahili ambacho mwalimu hatakichekea na muuza unga hatakikimbia, na kumbe kipo, tena kina nafasi ya kutosha.

Jumatatu alimpelekea Daktari. Daktari alibadili mahali pawili. Hajara alikuwa ameandika kwamba mtoto akichanjwa surua haimpati kamwe. Daktari akasema hilo ni kuahidi kupita kiasi, andika inamkinga. Na alikuwa ameandika mtoto anaweza kupata joto usiku huohuo. Daktari akasema joto la surua huja baada ya wiki moja hivi, na mama asipoambiwa atadhani sindano imemletea ugonjwa. Hajara alishukuru. Kufurahisha masikio si kazi kama habari yenyewe ina kasoro. Likatoka hivi:

"MAMA, SURUA UNAIJUA.

Sasa iko Oraba. Watoto watatu wameumwa.

Kuna sindano inayomkinga mtoto. Hailipiwi.

Mlete mtoto aliyeanza kutambaa, mpaka yule ambaye akipitisha mkono juu ya kichwa haufiki sikio la pili.

Njoo gombolola ya Lurujo Jumatano ya kwanza ya mwezi wa tatu, kesho yake baada ya soko. Njoo asubuhi, saa mbili na nusu, umande ukianza kukauka. Dawa inakaa kwenye barafu. Jua likifika kichwani barafu imeisha, na dawa imekufa.

Sindano inauma kidogo, mtoto atalia, atanyamaza. Baada ya wiki moja anaweza kupata joto. Mpe maji, mnyonyeshe. Litapita.

Jina la mtoto litaandikwa kwenye kadi. Kadi utakwenda nayo wewe nyumbani.

Atakayechoma sindano ni nesi Monique. Unamjua."

Bwana Asiku alihesabu mistari kwa rula. Kiingereza kilikuwa na saba, Kiswahili kumi na tano. "Umeongeza," alisema.

"Nimeongeza alichoniambia Daktari. Niambie kipi hapo si kweli."

Bwana Asiku alisoma mara nyingine, midomo ikitembea. Hakukipata. Lakini sheria ni sheria, akasema, lugha zote mbili lazima zionekane, kwa hiyo Kiingereza chenyewe kitabandikwa chini yake, neno kwa neno kama kilivyotoka Kampala, tarehe tu ikibadilishwa, hatua kali na yote. Daktari akaafiki, maana Kiingereza hakikuwa na wa kumtisha kule. Karatasi ishirini zikatoka kwenye stensili, zikaenda Koboko, zikabandikwa sokoni, dukani, kanisani, msikitini, na ukutani pa shule ya Lurujo.

Jumatano yenyewe waliondoka Arua alfajiri. Monique aliketi mbele na sanduku la barafu mapajani. Hajara alikuwa nyuma na kadi mia tatu, na Bwana Asiku mbele yake, suti ya kaunda imenyooka, amekuja, kwa maneno yake, kuwa shahidi. Njia nzima Hajara aliwaza jambo moja. Kama uwanja utakuwa mtupu, sanduku lile litageuzwa kwenda Moyo, na surua itaingia Lurujo kwa miguu yake yenyewe ikute mlango wazi. Na atakayeulizwa ni yule aliyesema "mimi, Daktari."

Walifika saa mbili kasoro. Uwanja ulikuwa mtupu.

Monique alitandika kitambaa juu ya meza. Hajara alipanga kadi, akazipangua, akazipanga. Bwana Asiku alitazama saa yake, kisha, kwa uungwana ambao Hajara hakuutarajia, akaushusha mkono wa suti juu yake asiitazame tena. Nyasi za kando ya uwanja zilikuwa zimelowa.

Umande ulipoanza kukauka, mwanamke mmoja alitokea kwenye njia ya mihogo na mtoto mgongoni. Alisimama mbali, akamwangalia Monique vizuri. Kisha akageuka nyuma akapunga mkono, na njia ikajaa watu. Walikuja kwa kundi, kisha kwa makundi, wengine wameshika wawili, wengine wamebeba na wa jirani. Hajara aliinuka, akakaa, akainuka tena, kalamu mkononi.

Kazi ya kuchagua watoto hawakumwachia mtu. Mama mmoja alimshika msichana wake mrefu mkono, akaupitisha juu ya kichwa, vidole vikagusa sikio. Akamwambia arudi nyumbani akaangalie mbuzi. Mbele na nyuma ya mstari mikono midogo ilikuwa inapita juu ya vichwa, na wengine walikuwa wakijinyoosha kwa hila ili wafike wapate kukimbia sindano, mama zao wakiwarudisha kwa kofi la upole. Monique alicheka mpaka machozi yakamtoka akiwa na sindano hewani.

Hajara aliandika majina. Mwanamke mmoja kijana aliuliza kama mtoto ataugua, na kabla Hajara hajajibu, bibi aliyekuwa nyuma yake akamjibu: "Atalia, atanyamaza. Baada ya wiki moja napata joto. Wewe napa maji, nanyonyesha. Tapita." Hajara akauliza kwa sauti ya kawaida: "Nani alikuambia hivyo, bibi?"

Bibi alimtazama kama mtu aliyeuliza nani alimwambia moto unaunguza. "Hakuna mutu aliambia mimi. Hii maneno iko inajulikana."

Hajara aliinamia kadi. Barua zake zote za barazani zilikuwa zimekwenda na majina ya wenyewe chini yake, na hakuwahi kutaka jingine. Lakini haya maneno aliyoyaandika kwenye goti sokoni yalikuwa yametembea wiki mbili, yakapoteza mwandishi njiani, na yakafika mdomoni mwa bibi kana kwamba alizaliwa nayo. Alijisikia mkubwa. Sitalificha hilo kwa ajili ya adabu: alijisikia mkubwa kuliko siku yoyote ya maisha yake.

Kabla ya saa sita chupa zilikuwa zimeisha, na barafu ilikuwa bado inagonga sandukuni. Watoto mia mbili tisini na saba. Mwalimu Severino, mkuu wa shule ya Lurujo, mwenye nywele za mvi na chaki kwenye mikono ya koti, alikuja kusalimia wageni. Ndiye aliyewasomea watu karatasi, akawafafanulia kwa Kikakwa, ingawa, alisema, hakukuwa na mengi ya kufafanua. Alikuwa ameibandua ile ya ukutani pa shule, ameikunja vizuri, na aliifungua mbele ya Bwana Asiku, kwa kuwa Bwana Asiku ndiye aliyevaa suti.

"Bwana mkubwa," Mwalimu Severino alisema, "karatasi hii nimewapa darasa la saba waisome kama somo. Hii ya juu imekamilika, sina la kusema. Lakini nisamehe, nina neno kuhusu hii ya chini." Akaweka kidole juu ya Kiingereza. "Aliyeitafsiri kwa Kiingereza ni nani? Ameiharibu. Barafu ameiacha. Sikio ameliacha. Joto la mtoto hakulitia kabisa. Halafu saa ametia nane, na mwisho ameongeza vitisho vya kwake mwenyewe ambavyo huku juu havimo."

Monique aliacha kufunga sanduku. Hajara hakuinua kichwa. Aliandika jina kwenye moja ya kadi tatu zilizobaki, ingawa hakukuwa na mtoto aliyebaki.

Bwana Asiku aliichukua karatasi, akaisoma juu, akaisoma chini, taratibu, bila rula. Kisha akaikunja akamrudishia mwenyewe.

"Ni kweli, Mwalimu," alisema. "Tutamwambia."